Daftari la Dua la Mkunga

Ujumbe uliingia saa moja asubuhi, fundi akiwa kwenye cherehani anamalizia pindo la gauni la mkunga, huyo huyo aliyeutuma. Aliusoma bila miwani. Akavaa miwani akausoma tena, akitumaini macho ndiyo yaliyokosea. Hayakukosea.

"Ndugu, jamaa na marafiki, assalamu alaykum. Kesho alfajiri, Mwenyezi Mungu akipenda, naondoka kwenda Hija. Yeyote niliyemkosea, kwa kujua au kwa kutojua, naomba anisamehe. Nami nimewasamehe wote. Msinisahau kwa dua."

Ulikuwa umetumwa kwenye kundi la mtaa, lenye watu mia moja arobaini na tatu. Muuza mkaa alikuwa ameshajibu amina. Fundi wa antena, ambaye hakuna anayejua hata anakoswali, alikuwa ameshatuma maua matatu.

"Kwa hiyo mimi na mtu wa antena tuko sawa," fundi aliiambia cherehani, kwa sababu hapakuwa na mwingine wa kuambiwa. "Miaka thelathini, dada, halafu unanigawia msamaha wa jumla kama chanjo ya kuku."

Tusimwonee, alikuwa na haki ya kukasirika. Safari ya Hija ina utaratibu wake. Anayeijaliwa hulipa anachodaiwa, huandika wasia, huwaachia wanaomtegemea cha kuwatosha, kisha huzunguka kuomba radhi. Huzunguka kwa miguu yake, si kwa kidole gumba. Hija iliyokubaliwa humrudisha mtu kama siku aliyozaliwa na mamake, lakini haki za waja hubaki shingoni mpaka mwenyewe aliyedhulumiwa aseme, nimekuachia. Mkunga alilijua hilo vizuri. Alihudhuria darasa la mahujaji Jumamosi nane bila kukosa hata moja, na kila akirudi alilisomesha upya darasa zima kwa kila aliyekutana naye njiani.

Tena alikuwa amezunguka. Hapo ndipo palipouma. Wiki mbili nzima fundi alimwona dirishani akitoka mlango huu akiingia ule. Hata kwa yule mzee waliyegombana naye juu ya mfereji wa maji ya mvua alikwenda, wakalia wote wawili. Mlango wa fundi uko hatua ishirini kutoka wa mkunga, ng'ambo ya barabara, na huko hakuja. Alikuja kupimwa magauni tu, akapimwa kimya, akashukuru, akaondoka.

Magauni yenyewe yalikuwa manne, meupe mawili na ya kijivu mawili. Mwanamke aliyehirimia havai vazi maalumu kama mwanamume. Huvaa nguo zake za heshima, ila uso hafuniki kwa nikabu wala mikono haitii katika glavu. Fundi aliyafanya marefu ya kusitiri, lakini si ya kuburura, maana kwenye tawafu, kuizunguka Kaaba, umati ukikukanyagia pindo umekwisha. Ndani ya kila gauni alishona mfuko wenye zipu wa kuwekea pasi ya kusafiria. Kakake mkunga, atakayesafiri naye kama maharimu wake, yeye alihitaji vitambaa viwili vyeupe visivyoshonwa. Kwa kawaida fundi angemtania kwamba hiyo ndiyo nguo pekee duniani inayowanyima mafundi riziki. Safari hii hakutania.

Na fundi alikuwa na jambo lake, ndiyo maana hasira yake ilikuwa na moto wa ziada. Alikuwa na binti mmoja tu. Mkunga ndiye aliyempokea kwa mikono yake, kitoto chepesi hata akakiita Pini, na Pini likabaki. Miaka minne iliyopita Pini alitaka kuolewa na dereva wa malori, mgane mwenye watoto wawili. Fundi, mkasi mkononi, alisema neno ambalo mzazi hapaswi kulisema. Alisema, "Ukiolewa na huyo, radhi yangu huna." Pini akabeba mkoba wake akaenda kwa rafiki yake, mtaa wa pili.

Usiku ule fundi hakulala. Kulipokucha alimwita mkunga, akamwambia, "Nenda kamwambie mtoto nimeridhia. Hasira ndizo zilizosema. Aje nimshonee nguo ya harusi." Mkunga akaenda. Walipoonana tena siku ya tatu, fundi alimuuliza kama amefikisha, akajibiwa, nimemwambia. Akasemaje? Hakusema kitu.

Basi. Pini aliolewa mji mwingine, akabadilisha namba ya simu, na nyumba ikawa kimya. Kwa fundi hesabu ilikuwa wazi: yeye mzazi aliinama, na mtoto akapita juu ya mgongo wake. Aliapa hatainama mara ya pili. Lakini uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Kumpigia magoti mtoto hakutaka, ila Mungu hupigiwa magoti bila aibu, na sasa rafiki yake alikuwa anakwenda kusimama Arafa, siku ambayo mahujaji wote huinua mikono tangu jua linapopinduka mpaka linapozama, siku ambayo hakuna dua inayotarajiwa kujibiwa zaidi kuliko ya siku hiyo. Fundi alikuwa ameliandaa ombi lake kwa miezi. Alikuwa anangoja kuagwa ili aliseme.

Na alichopata ni ujumbe wa kundi.

Alasiri aliyakunja magauni, akayatia kwenye mfuko, akavuka barabara. Alikwenda kwa sababu kazi ya mtu haikawizwi, alijiambia. Wewe na mimi tunajua alikwenda kwa nini.

Viatu vilijaa mlangoni mpaka kibarazani. Ndani, sebule ya mkunga ilikuwa na watu wa kutosha kuswali Ijumaa. Sanduku la safari lilisimama kando ya ukuta, limefungwa kitambaa cha kijani kwenye mpini wake ili lisipotee katikati ya masanduku ya kundi zima la mahujaji. Mkunga alikaa mkekani, daftari la shule mapajani, kalamu mkononi. Anayekuja kumuaga humtakia Hija njema, humwomba asimsahau kwenye dua, kisha hutaja haja yake, naye huiandika. Alikuwa amefika ukurasa wa kumi na moja.

"Mwanangu afaulu mtihani," alisema mama mwenye duka. "Mwambie Mungu hii ni mara ya tatu, na mimi nimechoka kuliko yeye."

Mkunga akaandika.

"Mimi mgongo," alisema muuza mkaa. "Na nafasi ikibaki, mke wangu aache kukoroma."

"Nafasi ipo," mkunga alisema, akaandika, na watu wakacheka. Mkewe alimpiga muuza mkaa kiwiko.

Bibi wa nyumba ya kona, mkubwa kuliko wote mle ndani, hakuomba kitu. "Kundi lenu si mnaanzia Madina? Basi ukisimama mbele ya kaburi la Mtume, nipelekee salamu zangu. Nitaje kwa jina langu na la baba yangu, usitaje juu juu." Kisha akainua mikono, watu wakanyamaza, akamwombea dua ya kumuaga msafiri. "Tunakukabidhi kwa Mwenyezi Mungu: dini yako, amana yako, na mwisho wa matendo yako. Akupe uchamungu uwe masurufu yako, akusamehe dhambi zako, akufanyie wepesi wa kheri popote uwapo."

"Amina," chumba kizima kiliitika.

Hapo msafiri naye hujibu, akiwaachia wanaobaki dua yao. Mkunga alianza vizuri. "Nami nawaacha kwa Mwenyezi Mungu, ambaye amana..." Akakohoa. Akaomba maji, akanywa glasi nzima, na akamwita mtu mwingine. Hakuna aliyejali ila fundi, aliyejali kila kitu siku hiyo.

Zamu yake ilipofika, fundi alikaa mbele ya rafiki yake na kumeza hasira yake yote. Isiandikwe kwamba hakujaribu. Alimpa mfuko wa magauni, akamshika mkono.

"Hija njema, dada yangu. Mungu akufikishe salama, akutakabalie, akurudishe umetakasika. Usinisahau. Yangu ni moja tu na unaijua. Jua la Arafa likiwa linazama, mtaje Pini. Mungu amlainishe moyo anirudie."

Kalamu ilisimama. Mkunga aliitazama karatasi, akamtazama fundi, akafunga daftari.

"Yako siwezi kuiandika," alisema kwa sauti ndogo.

Fundi aliuachia ule mkono.

"Huwezi kuiandika?" Hakuwa na sauti ndogo yeye, hajawahi kuwa nayo. "Mkoromo wa mke wa mtu umeandikwa! Mgongo umeandikwa! Mtoto aliyeshindwa mtihani mara tatu kwa uvivu wake, samahani mama, naye kaandikwa! Mimi niliyekushonea hadi mfuko wa pasi ndiyo karatasi imeisha? Nimekukosea nini? Sema hapa hapa, si unaomba watu radhi kwenye simu? Mimi naomba yako mbele ya watu!"

Muuza mkaa aliangalia dari kama anayekagua mabati. Mkunga alisimama, machozi yameshamjaa, akabana daftari, kalamu na mfuko wa magauni kwapani, akamshika fundi mkono na kumvuta chumbani. Akafunga mlango, akaviachia vyote kitandani, magauni yakamwagika.

Kitandani kulikuwa na vitu vya mkoba wa mkononi: dawa za presha, kitabu kidogo cha dua, mkasi mdogo wa kupunguzia nywele baada ya ibada, kitambulisho cha kundi chenye kamba ya shingoni. Mkunga aliketi pembeni ya hivyo vyote, fundi akaketi upande wa pili.

"Sikumwambia," alisema.

"Hukumwambia nani?"

"Pini. Siku ile uliponituma. Nilitoka kwako, nikafika kona, nikaitwa kwenye uzazi. Mtoto alikuja kwa miguu, dada, nilikaa huko siku mbili. Nilipokwenda kwa yule rafiki yake, Pini ameshaondoka. Ukaniuliza umemwambia, na mimi nilikuwa nimechoka, nimeona aibu, nikasema nimemwambia. Nikajua nitampata baadaye nimwambie, iwe kweli. Halafu nikawaza, labda kheri. Yule bwana hata mimi sikumpenda. Nikaacha."

Fundi hakuelewa mara moja. Aliyarudia maneno yale kichwani kama mtu anayepima kitambaa mara mbili kabla ya kukata. Pini hakukaa kimya. Pini hakuambiwa.

"Miaka minne," alisema.

"Miaka minne."

"Na namba yake unayo?"

Mkunga aliinamisha kichwa. "Hunipigia kila Idi. Huniuliza, mamkubwa, mama ameridhia? Mimi namwambia, mpe muda." Alijifuta uso kwa upindo wa mtandio. "Ana mtoto. Wa kike, miaka miwili. Amempa jina lako."

Hapo fundi alisimama. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na yeye fundi wa nguo ndiye alikuwa wa mwisho kujua.

"Mpe muda!" alisema. "Mimi nimezeeka kwenye dirisha lile, wewe unampa mtu muda wangu! Nina mjukuu mwenye jina langu anayejua kutembea, na wewe unavuka barabara kila Ijumaa unakuja kunywa chai yangu! Mjumbe hauawi, ndiyo, lakini huyo ni mjumbe aliyefikisha. Wewe ujumbe wa mtaa wa pili ulikushinda. Mtaa wa pili, dada, hata viatu haviingii vumbi. Leo bibi wa watu anakukabidhi salamu za Madina!"

"Najua."

"Hujui! Ungejua usingenitumia ule ujumbe wa kuku."

Mkunga alilia waziwazi sasa. "Nilitaka ujibu amina kama wengine. Nilitaka msamaha wako upite katikati ya watu, nisikutazame usoni. Halafu umekuja na ombi lile, kalamu ikanigomea. Ningesimamaje Arafa kumwomba Mungu alainishe moyo ambao haujawahi kuwa mgumu? Nisamehe. Nitakuombea kabla ya mama yangu mzazi, nitasimama jua zima juu ya jina lako..."

"Koma." Fundi aliokota simu ya mkunga kitandani, akamtupia mapajani. "Usimpelekee Mungu kazi uliyoilalia mwenyewe. Dua haiwi kichaka cha kujifichia. Piga. Weka sauti."

"Sasa hivi?"

"Kesho si unaondoka?"

Mkunga alipiga, kwa vidole vile vile vilivyopokea nusu ya mtaa. Simu iliita mara mbili.

"Shikamoo mamkubwa!" Ilikuwa sauti ya Pini, imenenepa kidogo, ya mwanamke mwenye nyumba yake. Nyuma yake mtoto alikuwa akigonga sufuria. "Nilikuwa nakungoja uniage! Hija njema, mamkubwa wangu. Mungu akupokelee kila hatua."

Mkunga aliisogeza simu katikati yao.

"Mamkubwa, najua watu wamekuelemea na maombi yao," Pini aliendelea, na sauti ikapungua. "Mimi nina moja tu. Ukifika Arafa, niombee mama aniwie radhi. Basi, sitaki kingine. Usinisahau."

Fundi alijiziba mdomo kwa gauni jeupe lililokuwa karibu, lile lile alilolipiga pasi asubuhi. Watu wawili, miji miwili, ombi moja, na wote wamemkabidhi mtu mmoja aliyekuwa na jibu mfukoni miaka minne. Ukisikia jambo kama hilo usipokasirika, basi wewe ni jiwe.

"Pini," mkunga alisema. "Ameridhia. Aliridhia asubuhi ya pili yake, alinituma nikwambie urudi akushonee nguo. Sikukwambia. Yeye nikamdanganya kwamba nimekwambia. Wewe nikakudanganya kwamba bado. Kosa si lake wala si lako. Ni langu, na naomba radhi yako kwa kosa hilo hilo, si ile ya kujua au kutojua. Nilijua."

Sufuria iliacha kugongwa.

"Mama yupo hapo?" Pini aliuliza.

"Nipo," fundi alisema.

"Mama, ni kweli?"

"Kitambaa nilishakata, mwanangu. Kiko kabatini mpaka leo. Nilikikata kwa kipimo chako cha wakati ule."

Pini alilia kama alivyolia siku ya kwanza duniani, mbele ya wanawake wale wale wawili. Alisema atakuja Ijumaa. Fundi akamwambia asije. "Miaka minne nimekaa dirishani. Nakuja mimi, kesho. Nielekeze kituo cha kushukia, polepole, niandike."

Aliandika kwenye daftari la dua, maana ndiyo karatasi iliyokuwa karibu, akaichana nusu ile na kuitia kifuani. Simu ilipokatwa, Pini alikuwa hajasema kama amemsamehe mkunga. Alisema tu, "Mamkubwa, wewe nitakuambia ukirudi." Mkunga alilipokea hilo kwa kichwa, kama mtu anayepokea mzigo ulio wake.

Nje ya mlango watu walikuwa wakikohoa kwa adabu. Sauti ya bibi wa kona iliuliza kama kuna amani humo ndani.

"Ipo inakuja, bibi!" fundi alijibu kwa ukali.

Mkunga alimtazama. "Na wewe? Umenisamehe?"

Fundi alichukua magauni yaliyokunjamana, akaanza kuyakunja upya, moja baada ya jingine, akinyoosha mikono ya kila moja kwa kiganja. Alichukua muda wake. Alikuwa na hasira ambazo zingetosha mtaa mzima, na zilikuwa za haki, na hakukusudia kujifanya hana.

"Haki yangu nimekuachia," alisema mwishoni. "Nimesema, Mungu shahidi, usiende nayo shingoni ukafa huko nikaulizwa. Lakini usidhani nimepoa. Nikikuona tu nataka kukuchoma sindano."

"Haki yako."

"Sasa malizia ile dua. Pale sebuleni uliikatia njiani, usidhani sikuona. Niage kama watu wanavyoagwa."

Mkunga alivuta pumzi. "Nakuacha kwa Mwenyezi Mungu," alisema, "ambaye amana... ambaye amana anazowekewa hazipotei."

"Amina. Sasa fungua daftari."

Mkunga alifungua ukurasa uliobaki nusu. Akaichukua kalamu, akangoja.

"Andika," fundi alisema, akifunga zipu ya mfuko wa pasi kwa nguvu kuliko zipu ilivyohitaji. "Fundi anaomba moyo wake umsamehe mkunga, maana mdomo umetangulia na moyo uko nyuma. Umeandika?"

"Nimeandika."

"Arafa, kabla jua halijazama. Na hii uifikishe."